Ilipogundulika

Kuna watu ukiwasifu hucheka, kuna wanaokana kwa mdomo huku masikio wameyasimamisha, na kuna huyu binti wa fundi cherehani, ambaye ukimsifu hutoka nje. Si mzaha, hutoka kweli. Siku aliyomaliza chuo, shangazi yake alianza tu kusema, "Jamani, kichwa cha mtoto huyu!" na mwenyewe akainuka, akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Watu wakamcheka. Nami ningecheka pia, ila nayajua yaliyomfika baadaye, na hadi leo nikiyakumbuka hasira hunipanda, sijui hata nimkasirikie nani.

Chuoni walimwita Nukta. Alisomea ubora wa maji, miaka mitatu, na daftari lake la maabara lilikuwa likiazimwa na darasa zima: tarehe, saa, namba ya chupa, joto la maji, kila kitu mahali pake, hata nukta ya desimali ameikoleza isije ikapotea. Mkono hakuinua hata siku moja. Ukimwuliza alijibu, akajibu sawasawa, kisha akainama kama mtu aliyefumaniwa.

Rafiki yake alikuwa Redio, na jina hilo sina haja ya kulieleza. Huyu kwa maneno, yule kwa kalamu. Walikuwa pete na kidole, na walimu walizoea kwamba ukimwuliza Nukta swali, Redio ndiye anayeanza kulijibu.

Sasa hiyo haya ya Nukta haikutoka hewani. Mama yake ana cherehani barazani, na neno lake kwa wateja ni lile lile miaka yote: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Alikuwa akisemea magauni. Alikuwa na maana kwamba mshono ukiwa mzuri hauhitaji kelele. Binti yake, aliyekulia chini ya meza ile akiokota pini, alilichukua neno hilo akaligeuza amri ya maisha, na mama wa watu hana habari.

Kabla hatujafika mbali, nikueleze jambo la chupa, maana ndilo lililozaa yote.

Mwaka wao wa mwisho walipelekwa mazoezini miezi mitatu, kukusanya maji ya bomba na kuyapima kama yana vijidudu. Chupa za kazi hiyo si chupa tu. Maji ya bomba yana klorini, na klorini ikibaki ndani ya chupa itaendelea kuua vijidudu njiani, ukifika maabara unaona maji masafi kumbe si masafi. Ndiyo maana kila chupa hutiwa kwanza dawa kidogo ya kuizima hiyo klorini. Ikikauka, huacha kama unga mweupe chini. Wiki ya pili walileta chupa ishirini, zote zikatoka safi. Msimamizi akafurahi. Nukta hakufurahi. Kituo kimoja kilikuwa karibu na bomba lililopasuka, tope hadi kwenye kifundo cha mguu, nacho eti safi? Alikwenda kwenye kreti, akatoa chupa ambazo hazijatumika, akaziinua moja moja dirishani. Chini hapakuwa na kitu. Fundi wa maabara alikuwa amesahau dawa.

Akamnong'oneza Redio. Redio hakunong'ona. Alisimama mbele ya msimamizi, mtu mwenye makunyanzi ya ukali, akamwambia, "Bosi, hizi zote zirudiwe, chupa hazina dawa." Zikarudiwa. Vituo vitatu vikaonekana vibaya, vikafungwa, vikatengenezwa. Msimamizi alimshika Redio mkono. Redio akasema, "Ni mwenzangu huyu aliyeona," akageuka kumwonyesha, na Nukta alikuwa ameshatoka nje.

Basi wakahitimu, na mwaka mzima ukapita. Nukta alituma maombi sehemu ishirini na kitu, asijibiwe hata "hapana". Mama alikuwa amemshonea koti jeupe la maabara, mifuko miwili chini na mmoja kifuani wa kalamu, likaning'inia nyuma ya mlango likigeuka rangi taratibu. Mjomba wake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mji mwingine, akapiga simu. "Mwisho wa mwezi ukifika hujapata, uje ukae kaunta. Huwezi kuwa unashinda unatazama mlango." Mjomba hakukosea, kazi ni kazi. Lakini binti alitaka maabara, alitaka mpaka usiku anaota harufu ya spiriti, na duka lile lingekuwa mwisho wa safari. Siku ishirini na tatu zilibaki.

Redio ndiye aliyekuja na habari. "We dada, tumelala! Mwalimu wa maji ana watu. Wakuu wa maabara karibu wote wamepita kwake. Wengine wanamwomba majina kabla hata hawajatangaza kazi."

"Nitamwambia nini? Kwamba mimi hodari?"

"Utamwambia unatafuta kazi. Kwani hajui kwamba watu hula?"

Wakampigia, wakaomba nafasi ya kuonana naye, wakapewa Jumanne saa nne. Mhadhiri wao alikuwa mzee mwembamba, ofisi yake imejaa mafaili hadi kiti cha wageni, ikabidi ahamishe mafaili hayo kwenye kingo za dirisha ndipo wakae. Nukta alikuwa na bahasha yenye wasifu na matokeo. Redio alikuwa na mdomo.

"Shikamoo mwalimu. Tumekuja kukuomba, kama huoni vibaya, ututaje kwa watu wako wa maabara."

"Marahaba. Sioni vibaya," alisema mzee. "Lakini mwelewe. Nikimtaja mtu nimemdhamini. Akiharibu, mwaka ujao neno langu halina uzito, na atakayeumia ni wadogo zenu. Kwa hiyo nasema ninachokijua tu. Darasani nawajua. Huko mazoezini sikuwepo."

Akapokea bahasha, akaiweka juu ya meza bila kuifungua.

"Hii nitaibakiza, wakiitaka nitawatumia. Lakini hawa watu husoma kwenye simu, wamesimama, mkono mmoja una glavu. Nataka kila mmoja aniletee mistari mitano au sita. Umesomea nini. Kitu kimoja au viwili ulivyofanya vikaonekana, na mahali ulipovifanyia. Kazi gani unataka. Msiniandikie 'mchapakazi', kila mtu ni mchapakazi kwenye karatasi. Andikeni kwa 'yeye', ili niweze kuibandika kama ilivyo chini ya maneno yangu. Kila mmoja aitume kwa anwani yake, na aniandikie kwamba ananiruhusu kutoa namba yake. Kuna mama mmoja, mkuu wa maabara, ana nafasi moja sasa hivi. Nataka nimtumie Ijumaa."

Nafasi moja. Wakatazamana, kisha kila mmoja akatazama pembeni.

Jumatano Nukta alikaa mezani asubuhi hadi saa nane, akaandika mstari mmoja: "Yeye amesomea ubora wa maji." Akaukata, kwa sababu aliona unajigamba. Unacheka? Mimi nilikwambia mapema. Redio alipofika akaiona ile karatasi, akacheka mpaka mama barazani akasimamisha cherehani.

"Basi tufanye hivi," Redio akasema. "Wewe niandikie mimi, mimi nikuandikie wewe. Mtu hajikuni mgongoni."

Nukta alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Kumsifu mwenzake? Hilo hata kwa macho yaliyofumbwa. Alikaa chini akaandika, na kalamu ikateleza:

"Ana stashahada ya ubora wa maji. Katika miezi mitatu ya mazoezi alikusanya sampuli katika vituo arobaini bila kukosa siku. Anajua kuzungumza na watu: mlinzi wa tangi aliyekataa kufungua geti kwa wenzake, kwake alifungua. Ilipogundulika kwamba chupa ishirini hazikuwa na dawa ya kuzima klorini, ndiye aliyesimama mbele ya msimamizi kudai zirudiwe, na vituo vitatu vilivyoandikwa safi vikaonekana si safi. Anatafuta kazi ya maabara au ya kukusanya sampuli na yuko tayari kuanza mara moja."

Lisome tena neno hilo. Ilipogundulika. Iligunduliwa na nani? Na upepo? Na paka wa maabara? Lugha yetu ina mlango huo wa nyuma, mtu anaweza kutenda jambo kisha akapita kimya pasionekane hata unyayo, na binti huyu aliupita mlango huo kwa hiari yake, akaufunga. Hakuona vibaya. Aliona ni adabu.

Redio alisoma, akafunika mdomo. "Hivi mimi ndiyo niko hivi?" Machozi yakamlengalenga. Akaituma palepale.

Naye akaandika ya kwake kwenye simu, amesimama, kwani alikuwa anawahi kwa dada yake aliyejifungua. "Nimekutumia," alisema akiwa mlangoni. "Soma, kama kuna kitu ubadilishe."

Nukta hakusoma. Wallahi hakusoma! Aliona maneno mawili ya kwanza, "Ni mtu", uso ukamwaka moto kama ameingia chumba cha watu wanaomsema. Akainakili, akaibandika kwenye barua kwa mwalimu, akaongeza kwamba anaruhusu namba yake itolewe, samahani kwa usumbufu, akatuma. Akaenda kumsaidia mama kutia vifungo.

Ijumaa ikapita. Jumatatu simu ikalia, si ya Nukta. Redio alikuja mbio, viatu mkononi. Mkuu wa maabara amempigia mwenyewe, anamtaka Jumatano. "Na wewe? Hujapigiwa? Labda wanapiga mmoja mmoja." Wakasubiri pamoja siku nzima, simu ya Nukta imewekwa katikati ya meza. Ikalia mara moja. Alikuwa mjomba.

Alhamisi Redio akaandika: *Nimepata!! Naanza tarehe moja.* Nukta akajibu *Hongera sana ndugu yangu*, na aliimaanisha, nisimsingizie. Kisha akaingia chumbani, akakaa kitandani mkabala na lile koti, akalia bila sauti, maana ukuta wao ni mwembamba na mama alikuwa na mteja.

Wiki iliyofuata alijikaza akarudi kwa mhadhiri kumshukuru, kama inavyopasa, na kumwuliza kama kuna mahali alipokosea. Mzee aliivuta kompyuta yake karibu.

"Nikuulize na mimi. Kwa nini uliniandikia vile?"

"Vipi, mwalimu?"

Akamgeuzia kompyuta. Nukta akasoma, kwa mara ya kwanza, mistari iliyokwenda kwa jina lake:

"Ni mtu mpole sana na mwenye heshima kwa wakubwa. Hana makuu. Hachagui kazi, ukimpa yoyote anafanya. Hasemi ovyo. Ni mvumilivu na anahitaji sana kazi."

Chini yake ilikuwa ile ya Redio, yenye geti, na tangi, na vituo arobaini. Akazisoma zote mbili. Kinachouma ni kwamba hapakuwa na tusi hata moja. Ukimsifia mchumba kwa maneno yale, wazee watapiga vigelegele. Hana makuu! Nani hataki mkwe asiye na makuu? Miaka mitatu wamekula sahani moja, wamelala chumba kimoja, na rafiki yake alipoulizwa huyu anaweza nini, alichokiona ni mtu mpole.

"Nilikaa nayo siku mbili," mzee alisema. "Ningekupigia, nikasema hapana, mtu amejieleza mwenyewe, nani mimi nimsahihishe. Nikaandika juu yake kwamba daftari lako ni safi kuliko yote niliyosahihisha miaka hii. Yule mama akaniuliza, amefanya nini? Sikuwa na la kumjibu. Akasema anamtaka yule aliyegundua chupa."

"Aliyegundua," Nukta alirudia.

"Ndiyo. Si mwenzako? Alimuuliza kwenye usaili, akamweleza vizuri kabisa jinsi alivyoziinua dirishani."

Nukta alifungua mdomo. Hebu fikiri, maisha yake yote yalikuwa yanangoja sentensi moja, maneno matatu tu, *mimi ndiye niliyeona*. Angeyasema, mzee angeinua simu, na Redio angeipoteza kazi kabla hajaianza. Asingeyasema, ni kaunta ya mjomba. Alitazama mafaili dirishani.

"Tulikuwa pamoja," alisema.

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa amefundisha muda mrefu, na nadhani alielewa, au nusu yake. "Nina watu wengine wawili. Hawana nafasi sasa, lakini zitatokea. Niandikie upya, uandike mwenyewe. Ila mwanangu, hilo la chupa nimeshalituma kwa jina la mtu. Watu wa maji ni wachache, wanajuana. Nikilituma tena kwa jina la pili, mmoja wenu ataonekana mwongo. Tafuta jingine."

Alitembea hadi nyumbani akitafuta jingine. Alikumbuka jinsi alivyotengeneza jedwali la kumbukumbu ambalo maabara ya mazoezini walibaki nalo, na jinsi alivyowahi kumrekebisha fundi namba iliyosomwa kichwa chini. Yalikuwepo, tena mengi. Lakini kila alipotaka kuliweka moja kwenye karatasi, lile la chupa lilisimama mbele yake limevaa nguo za mtu mwingine.

Jioni Redio alikuja na mfuko wa machungwa. Nukta alimwuliza barazani, sauti ya chini, mama yupo ndani.

"Uliwaambia ni wewe uliyeona?"

Redio hakukataa. Hilo nampa. Aliweka machungwa chini, uso ukamkunjamana kama mtoto. "Aliniuliza, 'Ulizigunduaje?' Hivyo hivyo, kama vile lilishaamuliwa. Karatasi ilikuwa mbele yake. Nilitaka kusema. Nilianza, 'Tulikuwa wawili,' akatazama saa. Nikasema niliinua chupa dirishani. Maneno yalitoka tu."

"Na yangu? Kwa nini hukuandika chupa kwenye yangu?"

"Wewe uliziandika kwenye yangu! Nikaona zikija mara mbili watashangaa. Nikaandika tabia yako. Nilikwambia usome, ubadilishe." Akaanza kulia. "Kwa nini hukusoma? Ungesoma ungenitukana, tungeandika upya. Na ungeandika tu 'mwenzake aliona.' Neno moja! Mimi ningekubali!"

Na hapo ndipo ilipomchoma kabisa, kwa sababu ilikuwa kweli. Angekubali. Nukta alitaka amchukie Redio, angalau hilo apate, na hata hilo halikuja lote. Akamwambia aende. Redio akaenda, machungwa yakabaki.

Tarehe moja ilikuwa Jumatatu. Begi la Nukta lilikuwa limefungwa mlangoni, gari la kwenda mji wa mjomba lilikuwa la saa saba. Koti jeupe hakulipakia. Mama alikuwa anampima mteja bega, pini mdomoni, simu ya Nukta ilipolia.

"Usikate," Redio alinong'ona, na nyuma yake palisikika mlio wa mtambo wa mvuke, ule wa kuua vijidudu kwenye chupa, na glasi zikigongana. "Nakuomba. Mkuu amenipa kreti ya chupa niandae. Amesema, wewe mwenye chupa, hizi ndizo zako. Anarudi sasa hivi. Ile dawa inatiwa kabla ya mvuke au baada? Na kiasi gani? Nimesahau, sijui hata kama niliwahi kujua."

Nukta alisimama na simu sikioni. Ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi ninajua ningesema nini, na si la kuandikwa. Lakini mahali fulani kulikuwa na watu watakaokunywa yale maji, na chupa isiyo na dawa haijali imeandaliwa na nani.

"Kabla," alisema. "Matone mawili kwa hizo ndogo, halafu ndiyo mvuke. Usizioshe tena baada ya hapo. Zikipoa ziinue dirishani moja moja, uone unga chini. Isiyo na unga, itoe."

"Asante. Nukta, mimi—"

"Andika kwenye daftari. Tarehe na saa." Akakata.

Mama alitoa pini mdomoni. Aliona uso wa binti yake umelowa, akaudhani ni uso wa furaha, maana alikuwa amesikia chupa, na dawa, na maabara.

"Nani huyo, mwanangu?"

"Watu wa maabara, mama. Walikuwa wanauliza kitu."

"Wanakuuliza wewe?" Mama akacheka, akamgeukia mteja kwa fahari yote aliyokuwa nayo. "Si nasema siku zote? Kizuri chajiuza."

Nukta akainua begi lake, na safari hii, aliposifiwa, hakuwa na haja ya kutafuta sababu ya kutoka nje.